BMI yangu 29 na sina kitambi, mwenzangu ana 23 na tumbo liko mbele. Nani mgonjwa hapa?

Mpagazi wa Kurasini

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpakiaji kwenye ghala, Dar. Kazi ni magunia na katoni kuanzia asubuhi. Wiki iliyopita ofisi ilileta watu wa afya kutupima. Wakanipandisha kwenye mizani, wakachukua urefu, wakabonyeza simu, wakaandika 29 na pembeni "uzito uliozidi, karibu na kiribatumbo". Nikaambiwa nipunguze wali na chipsi.

Karani wetu wa stoo, jamaa wa kukaa kwenye kiti, shati linamkaba vifungo vya tumboni, akaandikiwa 23.5, "uzito sawa". Tangu siku hiyo ananiita bonge.

Namba zangu: kilo 84, urefu mita 1.70. Miaka 34. Kiuno navaa suruali namba 34. Naomba mwenye ujuzi anieleze hii BMI inapima nini hasa, maana mimi nikiinua shati sioni mafuta.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu usijisumbue. BMI ni hesabu ya Wazungu kwa miili ya Wazungu. Sisi tuna mifupa mizito. Aliyeitunga hata hakuwa daktari, alikuwa mtu wa kutazama nyota. Halafu mwaka 1998 Wamarekani waliamka wakashusha mstari kutoka 27.8 hadi 25 kwa wanaume, watu waliolala wazima wakaamka wanene. Hiyo ndiyo sayansi unayoililia?

Mizani na Tepu

Mpagazi, mimi ni afisa lishe, kila siku nashika mizani. Nianze na swali lako kabla sijamfikia Kisiki.

BMI ni kilo zako zikigawanywa kwa urefu wa mita, halafu jibu ligawanywe tena kwa urefu uleule. Chukua kikokotoo cha simu: 84 gawa kwa 1.70 unapata 49.4, gawa tena kwa 1.70 unapata 29.06. Basi, hakuna kingine ndani yake. Tunagawanya kwa urefu ili mtu mrefu asionekane mnene kwa sababu tu ni mrefu. Chini ya 18.5 tunaandika uzito pungufu, kuanzia 25 uzito uliozidi, kuanzia 30 kiribatumbo.

Sasa angalia kilichoingia kwenye hesabu: kilo na mita. Mizani haijui kama kilo ni ya misuli, mafuta, maji au viatu. Mtu anayenyanyua magunia kwa miaka ana mapaja, mgongo na mabega yaliyojaa misuli, na misuli ni mizito kuliko mafuta kwa ujazo uleule. Kwa hiyo 29 yako inaweza kuwa misuli. Nasema inaweza. Sijakuona.

Na nikuulize: ulipimwa umevua viatu? Na urefu walipima au waliuliza tu?

Mpagazi wa Kurasini

Nilikuwa na buti za kazini na ovaroli. Urefu nilisema mwenyewe, ndio ulioandikwa kwenye fomu yangu ya ajira.

Mizani na Tepu

Ndiyo maana nimeuliza. Urefu unagawanya mara mbili, kwa hiyo kosa lake linauma mara mbili. Mtu wa kilo 80 ukimwandika 1.65 ana 29.4. Mwandike 1.62, anakuwa 30.5 na amevuka mstari bila kula hata andazi. Wanaume wengi wanaposema urefu wao wanaongeza kidogo, nayo buti inaongeza uzito. Kapime upya: asubuhi, umekojoa, nguo nyepesi, miguu mitupu. Kwa urefu simama ukutani, visigino na makalio yaguse ukuta, macho yatazame mbele, mtu aweke kitabu kigumu juu ya kichwa na kuchora alama.

Baba Tausi

Asante kwa elimu. Na mimi nimepiga hesabu ya mwanangu wa kiume, ana miaka 7, kilo 21.5, urefu 1.20. Imetoka 14.9. Nimeshtuka, kumbe chini ya 18.5 ni utapiamlo! Anakula vizuri tu. Nimpe dawa gani ya kuongeza hamu?

Mizani na Tepu

Baba Tausi, usimpe dawa yoyote. Mistari niliyotaja ni ya watu wazima. BMI ya mtoto hushuka akianza kukimbia na kurefuka, inafika chini kabisa karibu na miaka mitano au sita, ndipo ipande tena taratibu. Mtoto wa kiume wa miaka 7 wa kati kwa kati ana kama 15.5. Wako yuko pazuri. Kwa watoto tunasoma kwenye chati ya umri na jinsia. Nenda kliniki wakuwekee alama, na uiangalie tena baada ya miezi kadhaa kama mstari wake unapanda sambamba na ule wa chati.

Baba Tausi

Alhamdulillah. Mama yake alishaanza kumpikia uji wa karanga mara tatu.

Mwanamtama

Naandika kutoka Mombasa. Mie ndiye huyo karani wa stoo, ila wa kike. Nina miaka 46, urefu 1.58, kilo 60. Fanyeni hesabu, itakuja 24. Kila nikenda kupimwa nambiwa "mama uko sawa". Mikono yangu myembamba, miguu myembamba, lakini tumbo nilikuwa nalo tangu mtoto wa tatu na sikulitia maanani. Nani alitie maanani, na karatasi yasema niko sawa?

Mwaka jana nikawa naamka usiku kukojoa, kiu haikatiki, na miwasho pale pasipotajika. Nikadhani ni joto. Nilipokwenda, sukari kabla ya kula chochote ilikuwa 9.1. Wakarudia siku nyengine, 8.8. Kisukari. Daktari akanizungushia tepu tumboni, sentimita 95. Akaniuliza kama kuna aliyewahi kunipima hapo. Hakuna.

Sasa huyo jamaa anayekucheka, mwambie aende akapime.

Kisiki cha Mpingo

Pole dada. Lakini si unaona? BMI ilikudanganya. Ninachosema ndicho hicho, itupwe.

Mizani na Tepu

Pole sana Mwanamtama, na shukrani kwa kuliweka wazi.

Kisiki, una nusu ya ukweli na ni nusu nzuri, ngoja nikupe yako kwanza. Hesabu hii ilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830. Kweli alikuwa mtu wa nyota na takwimu, na hakuwa akitafuta ugonjwa. Alitaka kujua mtu wa wastani anafananaje. Jina hili la BMI lilikuja 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha fomula kadhaa za uzito na urefu kwa wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano. Wanaume watupu, hakuna mwanamke hata mmoja. Na hilo la 1998 ni kweli pia. Mistari imechorwa na watu. Hatari haianzi ghafla kwenye 25, inapanda polepole, na wale waliokaa mezani walichagua pa kukata.

Lakini umekosea upande. Wewe unadhani kwa sababu mistari ni ya Wazungu, basi inatuonea, inatuita wanene wakati ni wazima. Tatizo kubwa zaidi ni kinyume chake. Mistari ile inawaacha watu wakipita huku wameshaugua. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha makubaliano yao kwamba kwa Waasia hatari inaanza kuonekana mapema, wakaweka alama ya tahadhari kwenye 23. Wenye asili ya Kihindi tunao wengi Dar na Mombasa, na bado kliniki nyingi zinawasomea 25. Na tafiti za nchi zenye kipato kidogo, Afrika ikiwemo, zinaonyesha kisukari kikianza kupanda kabla ya kufika 25. Mwanamtama alikuwa 24.

Mifupa mizito nayo, hapana. Mifupa yote ya mtu mzima haifiki hata sehemu ya tano ya uzito wake, na tofauti kati ya mwenye umbo pana na mwembamba ni kilo chache. Haiwezi kumtoa mtu 24 ikampeleka 31.

Kisiki cha Mpingo

Kilo chache ndizo hizohizo zinazomtoa mtu 24 akawa 25. Lakini sawa, nimesikia.

Mpagazi wa Kurasini

Mkuu Mizani, mbona mafuta ya tumboni yawe mabaya kuliko ya kwingine? Mke wangu ana BMI 31, nimempigia hesabu kimyakimya. Mafuta yake yote yako chini, kiuno chake kiko pale pale.

Mizani na Tepu

Kimyakimya umefanya vyema.

Mafuta ya makalio na mapaja yako chini ya ngozi, yanakaa kama akiba na hayana haraka. Ya tumboni ni ya aina mbili. Kuna yale unayoweza kuyashika kwa vidole, na kuna yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na kujipenyeza hadi kwenye ini na kongosho. Haya ya ndani ndiyo yenye kazi mbaya. Damu inayotoka kwenye utumbo inapita moja kwa moja kwenye ini, kwa hiyo mafuta yanayoyeyuka pale ndani yanamiminikia ini. Ini lililojaa mafuta halisikii tena insulini ikiliambia lipunguze kutoa sukari. Linaendelea kutoa. Kongosho linaongeza insulini kushindana nalo, miaka inapita, na siku moja linachoka. Hapo ndipo unamkuta mtu wa 24 ana sukari ya 9.1.

Kwa hiyo watu wawili wenye 31, mmoja tumbo na mmoja nyonga, si sawa hata kama karatasi inawaweka kapu moja. Mkeo yuko na nafuu kwenye sukari na moyo kuliko mwanaume wa 31 mwenye tumbo. Sijasema hana lolote, magoti hayaulizi kilo zinatoka wapi.

Namna ya kupima kiuno, na wengi wanakosea: usipime pale mkanda wa suruali unapokaa, maana wanaume wenye kitambi huufunga chini ya tumbo. Namba ya suruali nayo si kipimo, viwanda vinashona kwa kupenda kwao. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, halafu ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hapo ndipo pake. Tepu ilale sawa mbele na nyuma, ishike ngozi bila kubana. Pumua kawaida, na ukimaliza kutoa pumzi, soma. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekupiga picha.

Kisha linganisha na urefu wako. Kiuno kisizidi nusu ya urefu. Mwanamtama, urefu sentimita 158, nusu yake 79, na wewe ulikuwa 95. Umepita kwa 16, na mizani ilikaa kimya.

Mtoto wa Ukerewe

Niongeze jambo kuhusu matumbo. Baba yangu mdogo, mvuvi, urefu 1.72. Alikuwa na kilo 61, baadaye kapanda hadi 70. Hesabu yake ikatoka 20.6 ikaenda 23.7 na watu wakamsifu kwamba amenenepa, maisha yamemkubali. Lakini uso ulikuwa unapungua, mikono inakonda, miguu inavimba jioni. Lile tumbo lilikuwa maji. Hospitali wakayatoa kwa bomba, wakasema ini limeharibika kwa kichocho cha muda mrefu. Huku kwetu ziwani kichocho cha tumbo si kigeni.

Kwa hiyo hata hiyo tepu yako ingemwambia ana mafuta.

Mizani na Tepu

Kweli kabisa, na hili ningelisahau. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mizani inaihesabu kama nyama. Hivyohivyo kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi au figo. Ukiona tumbo linapanda huku mikono na mashavu yanashuka, acha hesabu. Bonyeza mfupa wa mbele wa muundi kwa kidole gumba, uhesabu hadi kumi, uachie. Shimo likibaki, nenda hospitali. Mjamzito naye tusimsomee BMI ya leo, tunatumia ya kabla ya mimba kujua aongezeke kiasi gani.

Na kuna linalonisumbua zaidi kazini. BMI haina kumbukumbu. Fikiria mama wa 1.65 aliyekuwa na kilo 83, yaani 30.5. Miezi minne baadaye ana 66, yaani 24.2. Fomu inaandika "uzito sawa" na majirani wanampongeza. Lakini kama hakufunga, hakubadili chakula wala kuanza mazoezi, hizo kilo 17 zimeliwa na kitu. Namtuma apime kifua kikuu, sukari, VVU, na tuanze kufikiria saratani. Namba ya 24 hapo ni habari mbaya, ila huioni mpaka uwe na ile ya zamani.

Zuwena Sindano

Kwa hiyo mnachosema tuache kupima BMI kabisa? Mbona kliniki nzima inaitumia.

Mizani na Tepu

Sijasema hivyo, Zuwena. Kijijini nikiwa na mizani na kipande cha mbao cha kupimia urefu naweza kupima watu mia kwa siku moja na kuona wilaya inaelekea wapi. Hakuna kifaa rahisi zaidi. Na kadiri namba inavyokwenda mbali na mstari, ndivyo ubishi unavyopungua. Mtu wa 38 akiniambia ni misuli, nitamwomba anioneshe. Ubishi uko katikati, kati ya 22 na 32 hivi, na ndiko wengi wetu tuliko. Hapo BMI ni swali la kwanza, si jibu. Mwaka 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipendekeza kitu kama hicho: kiribatumbo kisithibitishwe kwa BMI peke yake, kiongezwe kipimo cha kiuno au cha mafuta yenyewe, halafu waangalie kama viungo vimeanza kuathirika.

Mpagazi wa Kurasini

Wakuu nimerudi. Nimepima leo alfajiri kwa duka la dawa la mtaani, miguu mitupu, bukta tu. Kilo 81.5. Urefu wangu wa kweli ni 1.67, kumbe nilikuwa najiongezea! Hesabu: 29.2. Yaani buti iliongeza uzito, mdomo ukaongeza urefu, vikafutana.

Kiuno, kama ulivyoelekeza, 88. Presha 126 kwa 80. Sukari kabla ya kula 5.2.

Sasa nusu ya 167 ni 83.5. Nimezidi! Na tumbo sina.

Kisiki cha Mpingo

Hahaha, tepu nayo imekuwa ya Wazungu.

Mizani na Tepu

Cheka tu Kisiki, lakini hapa amegusa penye ubishi wa kweli. Kwa kanuni ya nusu ya urefu, Mpagazi amevuka kidogo. Kwa kanuni nyingine, ile ya sentimita 94 kwa mwanaume, yupo ndani kabisa. Na hiyo 94 ilitokana na Wazungu. Sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara tuliambiwa tuiazime mpaka takwimu zetu zitoshe. Kuna wanaoona kwa wanaume wetu ishushwe na kwa wanawake ipandishwe. Mimi binafsi naitumia nusu ya urefu kwa sababu inaheshimu mfupi na mrefu, ila sitagombana na anayetumia nyingine.

Mpagazi, presha na sukari yako ni nzuri. Kwa mwili wa kubeba mizigo, misuli ya kiunoni nayo inachukua nafasi kwenye tepu. Ningekuwa mimi nisingekuandikia kupunguza kilo. Ningekuandikia upime kiuno tena baada ya miezi sita. Ikiwa 88 ileile, endelea na magunia yako. Ikiwa 92 huku kilo hazijabadilika, hapo tuna mazungumzo, maana ni misuli inatoka na mafuta yanaingia. Hilo hutokea sana kwa wapakiaji wanaopandishwa cheo wakakaa ofisini: kilo zilezile, BMI ileile, mwili mwingine.

Mwanamtama

Na karani je? Kapima?

Mpagazi wa Kurasini

Nimemburuta. Urefu 1.70, kilo 68, kiuno 98. Akapima sukari palepale dukani, imesoma 8.3. Lakini alikuwa ameshakunywa chai ya maziwa na chapati mbili, akasema ni chai.

Mizani na Tepu

Ana haki ya kusema ni chai. Baada ya chai na chapati, 8.3 haitoshi kumhukumu wala kumsafisha. Arudi asubuhi akiwa hajala chochote kwa muda wa saa nane au zaidi, maji tu. Ikifika 7 au zaidi, warudie siku nyingine, au wampime kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Ikiwa 6.1 hadi 6.9, hajawa na kisukari, lakini kimeshapiga hodi. Huku 98 ikiwa juu ya nusu yake ya 85, nisingesubiri.

Mpagazi wa Kurasini

Anasema ataenda mwisho wa mwezi. Karatasi yake ya ofisi ya "uzito sawa" ameibandika juu ya meza.

Mwanamtama

Mwambie asingoje mwisho wa mwezi. Na nyote mnaopima kwa futi ya fundi, ziangalieni kwanza, zile za kitambaa za zamani huvutika. Yangu nilipoilinganisha na rula ilikuwa yanipunguzia sentimita mbili nzima.

Zuwena Sindano

Mimi ni fundi cherehani na nimetoka kulinganisha yangu sasa hivi. Sitasema matokeo, wateja wangu wako humu.